Haisi imekufa njiani, bosi nimwandikie nini?

Shangazi shikamoo,

Mimi ni binti wa miaka 26, natunza stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Kigoma mjini, ila naishi kwa mama huko Kalinzi kwa hiyo kila asubuhi napanda haisi. Kazini tunaanza saa 2. Wiki iliyopita haisi ikatufia kwenye kipande cha Bitale, ilikuwa kama saa 1 na dakika 5. Nikamwandikia bosi "Shikamoo bosi" nikasubiri aitikie. Akaitikia saa 1:35. Ndo nikaandika hii, ikaenda saa 1:50: "Bosi samahani sana naomba unisamehe yaani sijui hata nisemeje gari imetuharibikia huku njiani mi nilitoka mapema kabisa Mungu anaona ila haya magari ni shida tupu sijui tutatoka saa ngapi ila najitahidi nije, samahani sana bosi wangu 🙏🙏😭". Akanijibu "Kila siku wewe na magari." Nikafika saa 3:10, nikakuta makuli wamekaa nje na lori la mteja wa Uvinza limesimama, maana ufunguo wa stoo nakaa nao mimi na ule wa akiba upo nyumbani kwa bosi. Akafoka mbele za watu, akasema mwisho wa mwezi ananikata elfu kumi. Shangazi, si niliandika kwa heshima? Nilitakiwa nipige? Au nimtumie picha ya gari ili aamini? Na kweli anaweza kunikata?

Binti wa Kalinzi

*

Marahaba mwanangu. Heshima ipo tele kwenye hiyo meseji, tena imezidi, ila hebu ishike simu ujifanye wewe ndo bosi, upo getini, lori linaunguruma, makuli wanakuangalia, unasoma hayo maneno yote halafu jiulize: nifanye nini sasa? Hakuna. Meseji nzima haina saa, haina mahali, haina ufunguo. Ina samahani tatu na Mungu mmoja. Mimi nimesimamia watu wa zamu kwenye ghala miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua zenu na hizi meseji za alfajiri nimezipokea za kila aina, na nakwambia kwamba bosi wa asubuhi hataki kujua unajisikiaje, anataka kujua aanze kazi bila wewe au akusubiri, na kama anaanza bila wewe anaanzaje. Basi.

Sasa tuangalie hiyo asubuhi yako maana kuna kitu kikubwa hukukiona. Saa 1:10 bosi alikuwa wapi? Nyumbani. Na ufunguo wa akiba ulikuwa wapi? Nyumbani. Yaani kulikuwa na kama nusu saa hivi ambayo yeye na ule ufunguo walikuwa chini ya paa moja, na wewe tayari unajua gari imekufa. Angejua muda ule angeutia mfukoni akaondoka nao, stoo ikafunguliwa saa 2, lori la Uvinza likapakia saruji yake na mabati yake, na wewe ungefika saa 3:10 ukakuta watu wanaendelea na kazi, labda ungetaniwa kidogo basi yakaisha. Badala yake saa 1:10 alipokea shikamoo tupu. Habari yenyewe imekuja saa 1:50 akiwa ameshatoka au yupo njiani, na hata hapo ufunguo haujatajwa. Kilichomchoma ni hicho, wala si saa moja na dakika 10 za kuchelewa kwako.

Kwa hiyo la kwanza kabisa, hiyo shikamoo ya peke yake acha. Najua tulivyolelewa, unamwamkia mkubwa unasubiri marahaba ndo unasema shida yako, na uso kwa uso ni lazima hivyo, hata ukipiga simu ni hivyo hivyo. Lakini meseji si mlango unaopiga hodi ukasubiri ukaribishwe. Mtu akiona "Shikamoo bosi" asubuhi kabla hajanywa chai anawaza mambo mawili, huyu ana msiba au huyu anataka kukopa, na yote mawili anaweza kuyaacha mpaka amalize kuoga. Weka shikamoo na shida yako kwenye meseji moja, mstari mmoja, hakuna atakayesema umekosa adabu. Na kama bosi wako mnalingana umri andika "Habari za asubuhi" uendelee, usiulize za nyumbani na watoto hawajambo, utawauliza mchana.

Sasa inayokuja ndo ngumu, nayo ni saa ya kufika. Watu wengi wanaandika "sijui tutatoka saa ngapi" kwa sababu kweli hawajui, na hawajui kwa sababu wamemuuliza konda na konda wa Kigoma au wa Tabora au wa popote pale kwenye nchi hii atakwambia "dakika tano tu sista, kaa tulia". Usimsikilize konda. Shuka kwenye gari, nenda mbele aliko dereva, angalia mwenyewe na uulize swali moja: imekufa nini na spea ipo? Hapo unapata saa yako, wala huhitaji kuwa fundi.

Kama ni pancha, angalia vitu vitatu, tairi la spea lenye upepo, jeki na spana ya gurudumu. Vyote vikiwepo abiria mkashuka, ni kama nusu saa mnaondoka, kwa hiyo kaa hapo hapo. Kikikosekana kimoja tu, mfano spea ipo ila nayo imelala (na hii ndo kawaida yao, spea yenyewe ni ya kuonyesha trafiki), basi tairi litapakiwa kwenye bodaboda lipelekwe kwa fundi pancha lizibwe lirudi, na hapo usihesabu chini ya saa nzima, kwako wewe hiyo gari imeshakufa.

Kama imechemsha, na ile barabara yenu ya vilima vya kuelekea Manyovu magari yanachemsha kweli kweli hasa likijazwa watu mpaka mlangoni na matenga ya ndizi juu, utaona mvuke unatoka mbele na dereva anazunguka zunguka na dumu la maji. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi ya moto, maji yatamrukia yamuunguze, kwa hiyo kama dereva ana akili mtasubiri ipoe, nusu saa nyingine hiyo. Baada ya hapo inategemea. Akijaza maji ukaona hayadondoki chini, mtatembea. Ukiona maji anayomwaga juu yanatoka chini, hosi imepasuka au rejeta yenyewe imetoboka, mtatembea kidogo mchemshe tena, na ukiona moshi mweupe mzito unatoka kwenye ekzosi na maji yanaisha bila kujua yanakokwenda, hapo ni gasketi, hiyo haitoki leo.

Na kama injini inanguruma vizuri tu dereva anakanyaga mafuta lakini gari haisogei, hiyo ni klachi au shafti, usisubiri hata dakika moja. Kuna dalili nyingine hata usipojua kitu kuhusu magari: dereva akishaingia uvunguni huku simu ipo sikioni anaongea na tajiri wa gari kwa sauti ya upole, au konda akaanza kurudisha nauli, jua safari imeishia hapo. Konda harudishi hela ya mtu mpaka awe amekata tamaa kabisa.

Ukishajua gari haiendi, hesabu ya pili ni ya kupata gari lingine, na hapa ndo watu wanajidanganya. Wanasema magari si yanapita, nitapanda la nyuma yake. Fikiria vizuri. Haisi yenu ilikuwa imejaa, mmeshuka wote mpo barabarani, na gari linalokuja nyuma kutoka Kalinzi au Manyovu asubuhi nalo limejaa, litasimama lichukue wawili watatu, na hao watatu ni wale vijana wenye viwiko. Wewe unaweza kuondoka na la tatu au la nne. Kwa hiyo mara nyingi ni afadhali upande bodaboda mpaka Mwandiga, pale njia ya Manyovu na ya Kasulu zinakutana na magari ya mjini ni mengi, hutagombania. Itakugharimu zaidi, najua, na siku nyingine mfuko haukubali, basi subiri ila usimwandikie bosi kama mtu aliyepanda boda wakati bado umesimama na miwa ya watu.

Halafu ukishapata saa yako, ongeza. Ukihesabu ukaona utafika saa 2:40, andika saa 3. Hii siyo kudanganya, ni kwamba ukiandika 2:40 ukafika 2:55 umechelewa mara mbili, mara ya kwanza gari na mara ya pili neno lako, ila ukiandika 3 ukafika 2:50 bosi anaona umejitahidi. Usiongeze mpaka saa 5 sasa, hapo atakwambia usije kabisa.

Andika saa kwa namna moja na uweke neno asubuhi. Kuna watu simu zao zinaonyesha 8:30, wanaandika "nafika 8:30" wakimaanisha saa mbili na nusu, bosi anasoma saa nane na nusu mchana, anampa mtu mwingine zamu yako. Nimeshaona hiyo ikitokea na ugomvi wake ulikuwa mkubwa kuliko kuchelewa kwenyewe.

Sasa tukirudi kwenye ile asubuhi ya Bitale. Saa 1:05 gari imezima. Dakika tano umeshuka umeona klachi imeisha. Umehesabu boda mpaka Mwandiga, gari la mjini, kutembea mpaka dukani, umeona kama saa 2 na nusu na kitu, umeongeza, saa 3. Saa 1:15 unaandika hivi:

"Shikamoo bosi, nafika saa 3 asubuhi, haisi imekufa Bitale. Lori la Uvinza linapakia saa 2, naomba uje na ufunguo wa akiba. Nitakwambia saa 2:30 nimefika wapi."

Ndo hivyo tu. Angalia nimeanza na saa ya kufika kabla ya gari, kwa sababu simu ikiwa imelala mezani kinachoonekana kwenye kioo ni yale maneno ya mwanzo, anaweza asifungue meseji yote ila ameshaona saa 3. Sababu nimeiweka kwa maneno matatu na nimetaja Bitale, maana mahali panapotajwa jina panaaminika kuliko "huku njiani", na bosi wa Kigoma anajua Bitale ni wapi anaweza kupiga hesabu mwenyewe akaona saa 3 inaingia akilini. Klachi sikuitaja, hana haja nayo. Kisha ufunguo, tena nimeomba kitu anachoweza kufanya sasa hivi akiwa bado nyumbani, na nimemkumbusha lori, kwa sababu yeye ana mambo mengi na wewe ndo mwenye stoo unayejua nani anapakia saa ngapi. Samahani haimo kabisa. Kama roho inakusumbua weka "samahani" moja mwishoni, ila kumbuka samahani bora ni ile utakayompa uso kwa uso ukifika.

Hiyo meseji ina herufi 158 ukihesabu na nafasi, nimeipima makusudi, kwa sababu esemesi moja ya kawaida inabeba herufi 160. Hapa kuna kitu watu hawakijui. Ukiweka emoji hata moja tu, ile mikono ya kuomba au uso unaolia, simu inabadilisha namna ya kuandika herufi zote na uwezo wa esemesi moja unashuka mpaka 70. Hiyo meseji yako ya machozi ilikatwa vipande kadhaa, na kila kipande kinalipiwa na kinasafiri chenyewe, mtandao ukiwa wa kuruka ruka milimani huko kipande kimoja kikichelewa basi nyingine zinasubiri au zinafika pungufu. Na siyo emoji peke yake, hata ile alama ya ng’ ikiwa ni ya kupinda inayowekwa na kibodi za simu nyingine inafanya hivyo hivyo, kwa hiyo ukiona unaandika neno fupi tu halafu simu inakuhesabia meseji mbili, tafuta hiyo alama uifute uweke ile iliyonyooka au ubadilishe neno.

Utaniuliza mbona wote tupo wasapu. Ni kweli, ila wasapu inataka bando kwako na bando kwake kwa wakati mmoja, na saa 1 asubuhi kuna mabosi wengi data wamezima mpaka wafike ofisini. Ukituma ukaona tiki moja jua meseji haijafika kwenye simu yake, ipo hewani, haijalishi umeandika vizuri kiasi gani. Tiki mbili imefika kwenye simu ila hujui kama kaisoma. Mimi nasema habari ya kuchelewa iende kwa esemesi ya kawaida, haihitaji bando, na simu yake ikiwa imezimwa itamsubiri iwashwe. Usiiweke kwenye grupu la kazi. Kule itazikwa chini ya picha za asubuhi njema na maua, na kama haikuzikwa basi wafanyakazi wenzako kumi watakupa pole na bosi bado hajaona.

Kupiga simu sasa. Ulitakiwa upige? Kwa mfanyakazi asiyeshika kitu, meseji inatosha. Kwa wewe mwenye ufunguo, tuma meseji kwanza halafu kama dakika 10 zimepita hajajibu, piga. Meseji inakaa kama maandishi, akisahau saa ataiangalia, na siku ya ugomvi utaionyesha, simu ndo inayohakikisha kwamba ufunguo umetoka nyumbani. Ukipiga sema yale yale kwa ufupi ule ule, upepo wa barabarani na kelele za abiria wanaodai nauli havikupi nafasi ya hadithi. Kama salio huna, omba simu ya abiria mwenzako, hakuna atakayekunyima kwenye shida ambayo yupo nayo, ila hapo anza na jina lako! Ukituma "nafika saa 3 asubuhi, haisi imekufa" kwa namba ngeni bosi atakaa anajiuliza huyu ni nani kati ya watu wake wote, na akipiga atapokea mama wa dagaa ambaye wala hakujui.

Saa 2:30 uliyoahidi, tuma hata maneno matatu, "Nipo Mwandiga, saa 3 ipo palepale" au "Gari limejaa, sasa ni 3:20". Hii ya pili ndo watu wanaiogopa, wanaona aibu kubadilisha saa, wananyamaza. Bosi akinyamaziwa anaanza kutunga yake kichwani, na anayotunga mengi ni ya kulala.

Picha usimtumie. Piga, ndiyo, ipige hiyo haisi ikiwa imefunguliwa boneti watu wamesimama pembeni, ihifadhi kwenye simu, yenyewe inabeba saa iliyopigwa. Lakini kumtumia mtu picha ambayo hajaiomba ni kama unamwambia najua huniamini, na asipokuwa ameliwaza hilo sasa atalianza. Akiomba mtumie. Na tafadhali usiiweke status ukacheka na "maisha ya abiria jamani", kuna wenzako hapo ofisini wanasubiri kitu kama hicho wampelekee bosi wakiwa wamekikuza.

Ukifika nenda kwake moja kwa moja, "bosi nimefika, pole kwa usumbufu", ukisharudi kazini ukakute wamepakia wapi uendelee. Kwenye daftari la mahudhurio andika saa ya kweli. Ofisi nyingi zinapiga ule mstari mwekundu muda wa kazi ukifika, wewe saini chini ya mstari na ukiwa na nafasi ya maelezo andika "gari liliharibika, taarifa ilitolewa saa 1:15". Usiombe mtu akusainie juu ya mstari, hilo la kughushi ni kosa la kweli na halina haisi ya kulitetea.

Ile "kila siku wewe na magari" nataka uifikirie kwa utulivu. Inawezekana ni hasira tu za lori. Inawezekana pia ana hesabu yake. Fungua daftari uangalie mwenyewe, mwezi huu na uliopita umesaini chini ya mstari mara ngapi. Kama ni mara moja moja, meseji nzuri inatosha. Kama ni karibu kila wiki, hakuna meseji itakayokuokoa hata uandike kama mshairi, hapo panda gari la kabla ya lile unalopanda, ili likifa bado una la pili. Na lingine, mwombe bosi ule ufunguo wa akiba ukae kwa mtu anayeishi karibu na duka, mhasibu au mlinzi anayeaminika, kwa kusainiana kwenye daftari. Usiwe unampa boda ufunguo aupeleke mjini, hata kama ni boda wa kwenu, siku bati likipungua stoo utaulizwa wewe.

Mwisho la elfu kumi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inambana mwajiri kwenye kukata mshahara. Hakati kwa kuamua tu mdomoni akiwa na hasira, makato yanatakiwa yawe yanaruhusiwa na sheria, au makubaliano ya pamoja, au amri ya mahakama, au wewe umekubali kwa maandishi kwa deni unalodaiwa. Kwa kuchelewa, njia ya kawaida ya nidhamu ni onyo, la mdomo kisha la maandishi. Ila usiende kumsomea kifungu leo, hasira za kwenye lori mara nyingi zinaishia kwenye lori na mwisho wa mwezi mshahara unakuja kamili. Subiri. Soma mkataba wako kama kuna kipengele cha makato ulichosaini bila kusoma, maana wengi mnasaini ukurasa wa mwisho tu. Ukiona slipu imepungua, muulize kwa maandishi na kwa adabu hiyo elfu kumi ni ya nini, na akikuletea karatasi ya kukubali kukatwa usisaini hapo hapo, mwambie unaisoma nyumbani, halafu nitumie picha yake niione.

Shangazi